Mstari Ulipanda, Sisi Tukashuka

Mama wa mayai alisimama mbele yangu na bahasha mkononi, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, pale Malaba ambapo malori yanaanza kutambaa kuelekea geti. Huyu mama alikuwa akivuka kila wiki kutoka upande wa Uganda na trei zake, anauza huku kwetu, kisha anakuja kwa kiti changu kubadilisha shilingi za Kenya ziwe za Uganda ndipo arudi kwake. Miaka tisa alikuja kwangu, hakuwahi kupita.

“Nnyabo, hesabu haraka,” akasema, akiniita mama kwa Kiganda. “Mvua iko nyuma yangu.”

Nikafungua mkoba. Nilijua uko mtupu lakini niliufungua, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali ambapo ameshatafuta mara tatu. Nikageuka kwa jirani yangu wa kiti, mzee wa Nambale, nimwombe aniazime za Uganda tumalize kazi. Mzee aliangalia viatu vyake. Mkoba wake ulikuwa kama wangu.

“Kwani umelala na pesa zangu?” mama wa mayai akacheka.

“Ngoja kidogo mama.”

“Ningoje nini? Ziteremke kutoka mbinguni?”

Wakati huo huo simu ikatetemeka mapajani mwangu. Ni Mwalimu, kwenye kundi letu la simu. Ametuma picha ya chati, mstari mmoja wa kijani unapanda kama barabara ya mlimani, na chini yake ameandika: “Hongera familia. Gemu inaichapa AI kama ngoma. Kaeni kwenye siti, msishuke.” Watu wakaweka mikono ya kupongeza. Mimi nikafungua akaunti yangu, ile iliyobeba mtaji wangu wote. Kwa kila shilingi mia niliyoweka, ilikuwa imebaki thelathini na kitu. Nikarudi kwa chati: mstari unapanda. Nikarudi kwa akaunti: imeshuka tena.

Nilipoinua kichwa, mama wa mayai alikuwa ameshavuka barabara. Alikuwa ameketi kwa kiti cha mwanamke mwingine na wanacheka pamoja. Hakurudi kwangu tena.

Sasa nieleze ilivyoanza, kwa sababu watu hapa wanasema tulikuwa wajinga wenye tamaa. Tamaa sikatai. Ujinga nakataa, na nitaeleza kwa nini.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Lakini mtu anayebadilisha pesa mpakani hahitaji cheti. Anahitaji mkoba, kalkuleta, mtaji, na kiti. Kiti ndicho kazi yenyewe. Steji yetu, sisi wabadilishaji wa pale, ina sheria ambayo haijaandikwa popote: ukikaa wiki mbili bila mtaji, bila kubadilishia mtu, kiti chako kinapewa mwingine. Nilipata changu kwa kuketi miezi sita kwenye jiwe pembeni ya wengine, nikichukua wateja waliokataliwa. Kwa hiyo ninapoandika hapa mtaji, msomaji ajue nazungumzia kiti. Ndicho kilichowafikisha watoto wangu kidato cha nne. Nyumba yangu ya mabati pia imetoka hapo.

Na kazi yetu inafundisha akili ya namna moja. Inafundisha kuangalia vitu viwili. Asubuhi unauliza: shilingi ya Kenya na ya Uganda, leo nani ana nguvu? Mahindi yakivuka kwa wingi kutoka Uganda, wenye mahindi wanaondoka na pesa nyingi za Uganda, hizo zinakuwa adimu, bei yake inapanda. Wiki nyingine bidhaa za dukani zinakwenda upande wao, mambo yanageuka. Moja ikipanda, nyingine imeshuka. Hakuna siku tuliyokaa pale tukaambiana zote mbili zimeanguka. Zimeanguka dhidi ya nini? Hicho kitu cha tatu hakikuwa kwenye mkoba wetu.

Kripto haikutufikia kwa mlango wa kamari kama watu wanavyodhani. Ilitufikia kwa mlango wa kazi. Wafanyabiashara wa Uganda wanaoagiza mali China walianza kututafuta: tuna shilingi, tunataka dola za kripto, zile ambazo bei yake hushikiliwa na dola moja. Unampata mtu anayeziuza kwenye app, unamlipa kwa pesa ya simu, anakutumia, unamtumia mteja, wewe unabaki na kitu kidogo katikati. Ni kubadilisha tu kama kawaida, ila hakuna noti. Nusu ya steji tulijifunza hiyo kazi ndani ya mwezi mmoja.

Ndipo mwenyekiti wa steji yetu akamleta Mwalimu.

Hakuwa mwalimu wa shule yoyote. Zamani alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani, kisha akapotea Nairobi, akarudi na kompyuta na viatu vyeupe ambavyo havishiki vumbi la Malaba, sijui kwa dawa gani. Mwenyekiti alimpa stoo ambayo steji tunalipia kodi sisi wote, ile tunayoweka viti na miavuli. Kila Jumamosi saa nane tulikuwa tunapanga viti humo ndani, tunavikalia, na Mwalimu anabandika kitambaa cheupe ukutani na kutuonyesha chati. Kuingia darasani ni dola ishirini za kripto, unatuma kwa anwani yake. Kila mtu alituma. Kumbuka hiyo anwani ilikuwa moja kwa wote.

Sitasema uongo: alifundisha vizuri. Mpaka leo najua nilichojifunza kwake.

Alisema pesa ya kripto haifuati faida, kwa sababu nyingi ya tokeni, yaani hizo sarafu zake, hazina faida. Inafuata hadithi. “Kuna hadithi ya AI,” alisema. “Kampuni kubwa huko ng'ambo ikitangaza mashine mpya inayofikiri, watu wananunua tokeni yoyote yenye jina la AI, hata kama haifikirii kitu. Kuna hadithi ya gemu: watu watacheza na kulipwa. Kuna hadithi ya sarafu za vichekesho. Pesa ni ile ile. Inatoka chumba hiki inaingia chumba kile. Kazi yetu ni kusimama mlangoni kabla haijafika.”

“Kama wateja wakitoka benki,” mzee wa Nambale akasema.

“Mzee umeelewa kuliko wote!”

Akatuonyesha jinsi ya kukusanya tokeni kubwa za gemu kwenye kapu moja, na za AI kwenye kapu lingine, uone bei ya kapu zima badala ya tokeni moja ambayo inaweza kukudanganya. Akatuonyesha mishumaa ya wiki, vile vijiti vya chati vinavyoonyesha bei ya kila wiki, kwamba mshumaa hausomwi kabla haujafungwa. Kwamba hadithi ikianza kweli, zile kubwa hutangulia, na ndogo hufuata. Ndogo zikipanda zote kwa fujo na wauza karanga wanaulizia, ujue hadithi inafika mwisho. Kwamba kapu likifika kilele cha pili kilicho chini ya kile cha kwanza, na wanunuzi wamepungua, pesa inaaga.

Na ilifanya kazi. Niandike hilo pia. Mara ya kwanza tuliingia AI wakati kapu lake lilipovunja kizuizi, ile bei lililokuwa likishindwa kuipita, likarudi kukigusa kutoka juu na kusimama. Niliweka kidogo, robo ya mtaji. Wiki tano baadaye Mwalimu alisema tokeni za AI zimechoka, tutoke. Tulitoka. Baada ya siku kumi kapu lile likaanza kuteremka. Mimi nilinunua mabati ya jikoni, na mzee wa Nambale akanunua ndama, akaja kunionyesha picha yake kwenye simu kama ni mjukuu.

“Huyu nimempa jina la AI,” akasema.

“Akifa?”

“Ng'ombe wa mashine hafi, mama. Anaishiwa chaji.”

Tulicheka hivyo. Hatukujua kwamba ile mara ya kwanza ilikuwa ya kutuonjesha. Au pengine haikuwa ya kutuonjesha, pengine alibahatisha kama sisi. Hilo nitamuuliza yeye.

Jumamosi ya mwisho alikuja na chati ambayo hatukuwahi kuiona. Haikuwa ya gemu wala ya AI. Ilikuwa ya gemu ikigawanywa kwa AI. Bei ya kapu moja kwa bei ya kapu lingine.

Niliipenda pale pale. Kila mmoja wetu kwenye stoo aliipenda, niliona kwa jinsi watu walivyosogeza viti mbele. Ilikuwa chati yetu! Shilingi kwa shilingi! Watu waliokuwa wakisinzia mishumaa ikielezwa walianza kuonyesha kwa vidole. Mstari ukipanda, gemu ina nguvu. Ukishuka, AI ina nguvu. Ulikuwa umeshuka muda mrefu sana, na Mwalimu alikuwa amechora juu yake mstari mwingine wa mteremko, na mwishoni kabisa, upande wa kulia, chati ilikuwa imetoboa ule mteremko na kutoka juu.

“Hii hapa,” akasema, akagonga ukuta. “Pesa inahama. Inatoka AI inaingia gemu. Sisi hatutangoja Jumatatu mshumaa ufungwe, tutaingia kesho baada ya kanisa. Na hatutanunua kapu zima. Tutanunua hii moja.” Akataja tokeni moja ndogo ya gemu. Alisema ndiyo itakayoongoza.

Hapo kulikuwa na mambo mawili yaliyokwenda kinyume na mafundisho yake mwenyewe. Alitufundisha mshumaa ambao haujafungwa hausomwi, sasa anasema tusingoje. Alitufundisha kubwa hutangulia, sasa anasema ndogo. Niliyaona. Lakini nilichouliza ni kitu kingine.

Niliinua mkono nikasema, “Mwalimu, na hizi zote mbili zikishuka?”

Mwalimu akatabasamu, akamgeukia mwenyekiti aliyeketi mbele, kisha akanirudia.

“Mama, wewe umebadilisha pesa miaka mingapi?”

“Kumi na saba.”

“Katika hiyo kumi na saba, umewahi kuja kazini ukaambiwa Kenya imeshuka na Uganda imeshuka, siku moja?”

Stoo nzima ikacheka. Mwenyekiti akajipiga mapajani. “Huyu mama leo amekunywa nini?” akasema. Mzee wa Nambale alicheka mpaka akafuta macho. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniamsha mpaka leo: nilicheka na wao.

Kwa sababu nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kiti changu mwaka ule dola ilipopaa. Waagizaji walikuja wakitafuta dola, wenye shilingi za Kenya wanalia, wenye za Uganda wanalia, na sisi steji tuliendelea kubadilisha moja kwa nyingine bila kujua tunashindana nani atazama polepole. Bei kati yao ilikuwa karibu ile ile. Bei ya mafuta ya kupikia ilipopaa ndipo tukajua. Nilikuwa na jibu la swali lake mdomoni na nikalimeza kwa sababu watu walicheka.

Jioni ile mzee wa Nambale aliniuliza tukirundika viti, “Mama, wewe unaingia?”

“Naingia.”

“Yote?”

“Mzee, mstari si umeuona?”

“Basi na mimi yote.”

Hakuniuliza zaidi. Aliniamini kwa sababu nilikuwa nimeuliza swali, akafikiri mtu aliyeuliza swali amejibiwa.

Jumapili saa tisa alasiri niliingia. Mtaji wote. Nilipobonyeza kununua, bei ya ile tokeni iliruka juu kidogo kwa sababu yetu wenyewe, steji moja ya Malaba, na nilifurahi. Sikujiuliza ni soko la namna gani hilo ambalo watu ishirini na viti vyao wanaweza kulisukuma. Mwalimu hakuwa ametufundisha hilo, kwamba penye wanunuzi wachache kuingia ni rahisi na kutoka ni kwa kubomoa ukuta.

Alhamisi bitkoini ikaanguka. Na inapoanguka hiyo, vyumba vyote vinatetemeka, si kimoja. Watu hawahami kutoka AI kwenda gemu. Wanakimbilia dola. Tokeni za AI, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimepanda sana, zilianguka kama gunia kutoka kwa lori. Za gemu zilikuwa zimeshachoka zamani, hazikuwa na pa kuanguka sana, zilianguka polepole. Chukua kalkuleta: kapu mbili, kila moja mia. AI ifike hamsini. Gemu ifike sabini. Gawanya sabini kwa hamsini. Unapata moja na nukta nne, na ulianza na moja. Mstari umepanda. Na wewe uliyekaa kwenye gemu umepoteza thelathini katika kila mia.

Ndiyo maana Mwalimu alituma hongera na sisi tunazama. Na kapu la gemu ndilo lililoshuka polepole. Ile tokeni yetu moja, iliyokuwa iongoze, ilianguka kuliko AI yenyewe.

Jumatatu nilitaka kutoka. Nikamwandikia Mwalimu peke yake: “Naona akaunti inashuka.” Akajibu haraka: “Mama, usiangalie akaunti, angalia chati. Anayetazama akaunti anauza kwa hofu.” Nikangoja. Jumanne ndiyo hiyo ya mama wa mayai. Mchana huo nikauza. Nilibonyeza kuuza yote mara moja, na bei ikatelemka mbele ya macho yangu ngazi kwa ngazi, kwa sababu waliokuwa wakinunua walikuwa wachache, na kila ngazi ilinipa pungufu kuliko iliyotangulia. Nilibaki na kama robo.

Mzee wa Nambale hakuuza. Alisema atangoja. Wiki mbili zilipoisha kiti chake kilipewa mtu mwingine. Alikunja mwavuli wake akauweka begani na kuondoka bila kuaga mtu, mimi pia hakuniaga. Nasikia ndama aliuzwa.

Changu nacho kilikwenda, ile robo haikutosha kuwa mtaji. Leo nakaa kwenye kiti cha mwanamke wa ng'ambo ya barabara, yule aliyempata mama wa mayai. Nabadilisha pesa zake, ananipa kitu jioni. Hanidharau, niseme ukweli, ila akipita mteja mkubwa ananiambia, “Dada, simama kidogo,” na mimi nasimama.

Ningefikiri yote ni bahati mbaya kama si wakala mmoja wa forodha, mama ambaye ofisi yake iko ghorofani na ambaye hulipia waagizaji mali yao ya China kwa dola za kripto. Nilimpelekea chai siku moja, nikamwambia. Aliuliza kitu kimoja tu: “Ile dola ishirini ya darasa mlituma wapi?”

Nilikuwa nayo, ile anwani, kwenye simu. Aliinakili akaiweka kwenye ukurasa ambao unaonyesha kila kitu kilichowahi kuingia na kutoka kwenye anwani yoyote. Sikujua kuna kitu kama hicho. Mtu yeyote anaweza kusoma. Hakuna anayeweza kufuta.

“Njoo ukae hapa,” akasema.

Zilikuwepo dola zetu, ishirini, ishirini, ishirini, mpaka nikatambua siku yangu. Na chini yake kulikuwa na kitu kingine. Mara tatu, kila mwezi mara moja, ile tokeni ndogo ya gemu ilikuwa imeingia kwenye anwani ya Mwalimu kwa wingi sana. Wakala akafuata ilikotoka. Ilitoka kwa mkoba wa kripto wa hao walioitengeneza tokeni, ule unaogawia washirika wao mgao uliofungwa, unaofunguliwa kidogo kidogo kwa tarehe zilizopangwa. Mgao wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko mingine. Uliingia kwake Jumapili ile, asubuhi tukiwa kanisani. Saa kumi jioni, saa moja baada ya mimi kununua, ulitoka wote kwenda sokoni, kwenye app zinakouzwa tokeni.

“Nisikudanganye,” wakala akasema. “Kupeleka sokoni hakuonyeshi kuuza. Kuuza kunafanyika ndani ya soko, hapa hatuoni.”

“Alizirudisha?”

Akateremsha ukurasa. Akateremsha tena. “Hapana. Hazijarudi.”

Nilisikia Mwalimu amehamia Busia, nikamfuata. Haikuwa kazi kumpata, viatu vyake ni vile vile. Alikuwa kwenye ukumbi nyuma ya duka la mbegu, na wenye maduka ya jumla wamekaa kama sisi tulivyokaa, na kitambaa kile kile ukutani. Hadithi ilikuwa mpya. Sasa ni tokeni za mali halisi, majumba na dhahabu zilizokatwa vipande vidogo kwenye kripto. Nilisimama nyuma mpaka alipomaliza, nikamkuta mlangoni.

“Mama wa Malaba!” akasema, kwa furaha kabisa. “Umekuja kujiunga?”

“Nimekuja kukuuliza.”

“Uliza, boss wangu.”

“Ulituambia gemu itapanda.”

“Hapana.” Akainua kidole, bila hasira, kama anamsahihisha mwanafunzi. “Nilisema gemu itaishinda AI. Haikuishinda? Ile chati nenda kaifungue hata sasa. Chati ilikuwa sahihi, mama.”

Na ilikuwa sahihi. Alichagua chati moja kati ya mbili, akaichagua kwa watu ambao alijua hawataiulizia ile nyingine, ya gemu kwa dola, watu wa shilingi kwa shilingi. Alitujua. Alikuwa karani wa mpakani, aliona kazi yetu kila siku, alijua akili yetu inaishia wapi.

“Na mgao?” nikasema. “Uliofunguliwa Jumapili?”

Uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyekanyaga maji na soksi.

“Nani amekuambia mambo ya mgao?”

“Anwani yako imeniambia.”

“Ile ni malipo ya ushauri. Kazi ni kazi.” Akaangalia nyuma kama wenye maduka wamesikia. “Na mwenyekiti wako alijua. Mbona huendi kwake? Au yeye ni wa nyumbani?”

Akaingia ndani akafunga mlango.

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku iliyofuata. Alikuwa anakunywa uji. Nikamwambia niliyoyaona na niliyoambiwa. Aliniangalia, akapuliza kikombe.

“Mama, kila mtu alibonyeza kwa kidole chake.”

“Wewe ulibonyeza?”

Akanywa uji. Nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona akaunti kwenye simu yake. Alikuwa akisema tu, “Mimi nimo ndani zamani.” Tukamwamini kwa sababu alikaa mbele.

“Ulinunua ile tokeni, mwenyekiti? Nionyeshe tu.”

“Nenda kazini,” akasema. “Hapo ulipopewa pa kukaa.”

Basi naandika, kwa mkono huu wa darasa la sita, na wakala wa ghorofani atanisaidia kutoa nakala, moja kwa kila kiti. Nimeambatanisha kurasa tatu za ile anwani, na siku na saa, kila mtu alinganishe na siku yake.

Mwalimu, usije kunifundisha tena kwamba chati ilikuwa sahihi, hilo tumemaliza. Njoo useme mbele ya watu mgao ule uliwauzia akina nani, kama si sisi.

Na wewe mwenyekiti, stoo ni ya wote, na kodi yake nililipa mpaka wiki niliyonyang'anywa kiti. Fungua mlango Jumamosi saa nane, uite wote, hata waliorudi Nambale. Halafu wewe ndiye utakayesimama kwanza, kabla ya Mwalimu, utujibu: alipokuja kukuomba ile stoo, alikuahidi nini, na kimefika?